Ombi la kuunganishwa LinkedIn: sentensi mbili zinazotosha

Kazi yangu ni kusimamia ufugaji wa samaki kwenye vizimba katika Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu, na Jumapili jioni ndipo ninapopata nafasi ya kufungua maombi ya kuunganishwa yaliyorundikana LinkedIn kwa wiki nzima. Jumapili moja nilikuta maombi ishirini na matatu, na kati ya hayo ni matatu tu yaliyokuwa na maneno yoyote yaliyoandikwa na mwombaji. Niliyakubali mawili kati ya hayo matatu, nikakubali mengine manne ya watu ninaowafahamu kwa sura, na yaliyosalia nikayaacha yalipo. Wenyewe hawakuwa wamenikosea kwa lolote, ila sikuwa na namna ya kujua ni akina nani kwangu.

Ninyi mnaoanza kazi mnapaswa kwanza kujua anachokiona mtu mnayemwomba. Kwenye simu yake hutokea picha ndogo, jina, mstari mmoja unaoeleza kazi yako, idadi ya watu mnaofahamiana nao wote wawili, na kando yake vitufe vya kukubali au kupuuza. Ukiwa umeandika ujumbe, nao huonekana hapo. Ukiwa hujaandika, mstari ule wa kazi ndio unaobaki kukusemea, na kwa wahitimu wengi mstari huo husema tu kwamba wanatafuta nafasi. Anayesoma huamua kwa sekunde chache, na swali lake si kama wewe ni mtu mzuri, bali ni kwa nini umemchagua yeye. Ombi tupu halijibu swali hilo, na ombi lisemalo «Hujambo, naomba tuungane ili tukue pamoja kitaaluma» halilijibu pia, kwa kuwa maneno hayo yangeweza kupelekwa kwa mhasibu wa Nakuru au mwalimu wa Kakamega bila kubadilishwa hata neno moja.

Mara nyingi ombi huwa tupu bila mwenyewe kukusudia. Kwenye orodha ya watu ambao LinkedIn inakupendekezea, ukibonyeza Connect ombi huondoka papo hapo, wala huulizwi kama una la kusema. Ni salama zaidi kufungua kwanza ukurasa wa mtu mwenyewe. Kwenye kompyuta utapewa nafasi ya kuchagua Add a note, na kwenye simu mara nyingi itakubidi ubonyeze More ili uipate sehemu ya kuandika ujumbe. Akaunti isiyolipiwa hupewa ujumbe wa namna hii mara chache tu kwa mwezi, na kila mmoja una kikomo cha herufi 200, nafasi na alama zikiwemo. Kwa hiyo uwatumie wale usiowajua, kwa maana mtu mliyesoma naye darasa moja atakutambua kwa jina.

Sasa niwaonyeshe ombi moja lilivyoandikwa. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza chuo alinitumia ombi tupu, nami sikulijibu. Baadaye alinieleza kwamba jioni ile alibonyeza kitufe kwa watu karibu arobaini, mmoja baada ya mwingine. Alipoona kimya, aliliondoa ombi lake, akasubiri wiki tatu ambazo LinkedIn humzuia mtu aliyeliondoa ombi lake kumwomba tena mtu yuleyule, kisha akaandika hivi:

«Habari. Ulisema mnapima oksijeni saa 11 alfajiri kabla ya kulisha ngege. Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa kupima oksijeni kwenye bwawa Siaya, na ningependa kufuatilia kazi yenu ya ziwani.»

Ujumbe huo una herufi 191. Sentensi ya kwanza, ukiiondoa salamu, ndiyo iliyonifanya nisimame, kwa kuwa ilitaja jambo nililoliandika mimi mwenyewe miezi miwili nyuma, nilipoeleza kwamba oksijeni ya maji hushuka zaidi kabla ya jua kuchomoza na kwamba tukilisha samaki bila kupima tunaweza kuwapoteza. Hakusema kwamba amevutiwa na safari yangu, wala hakunisifu. Alitaja kipimo, saa na samaki, na mambo hayo matatu pamoja hayawezi kumhusu mtu mwingine ila mimi na wenzangu wachache.

Sentensi ya pili ilinieleza yeye anaingiaje. Hakulirudia jina lake wala shahada yake, kwani vyote hivyo vilikuwa tayari mbele yangu juu ya ujumbe, na angevirudia angekuwa amemaliza herufi zake bure. Alichagua sehemu moja ya maisha yake inayogusana na kazi yangu, yaani bwawa la Siaya, kisha akasema anachotaka, nacho kilikuwa kidogo kiasi kwamba kukubali hakukunidai chochote.

Hapo kwenye udogo wa haja ndipo wengi wanapoharibu. Ombi la tatu la Jumapili ile, ambalo sikulikubali, lilianza vizuri sana kwa kutaja chakula cha samaki tunachotumia, halafu likamalizia kwa kuniomba nafasi ya mafunzo kazini kuanzia mwezi uliofuata. Mimi si mwajiri, na kulikubali ombi lile kungekuwa kama kuahidi kitu nisichokuwa nacho. Haja ya kazi ina wakati wake baada ya kukubaliwa, na hata hapo ni heri itanguliwe na swali linaloweza kujibiwa kwa mistari miwili.

Kabla ya kutuma, jaribu jambo moja: liondoe jina la unayemwandikia, weka la mtu mwingine mwenye cheo kama chake, kisha soma tena. Ikiwa ujumbe bado una maana, sentensi ya kwanza haijakamilika. Cheo hakitoshi, kwa sababu «nimeona wewe ni meneja wa uzalishaji» ni jambo analolijua tayari. Tafuta alichoandika, alichosema kwenye mkutano mliohudhuria wote, au mradi aliouorodhesha kwenye ukurasa wake. Na ikiwa hajaandika chochote kwa miaka mitatu, basi mtaje mtu mnayefahamiana naye wote wawili, mradi mtu huyo amekuruhusu. (Niliwahi kuandikiwa kwamba fulani ndiye aliyependekeza tuungane. Nikampigia simu huyo fulani, naye hakuwa na habari.)

Kuhusu lugha, andika kwa ile anayoitumia mwenyewe katika maandishi yake. Mimi huchanganya Kiswahili na Kiingereza, ndiyo maana kijana yule hakukosea, lakini kwa mtu anayeandika Kiingereza pekee ujumbe uleule ungepaswa kuwa wa Kiingereza. Kuhusu herufi, utaona kwamba aliandika «saa 11» kwa tarakimu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na vifupisho vidogo kama hivyo ndivyo vilivyompa nafasi ya kulitaja ziwa.

Hata ujumbe ulioandikwa vizuri unaweza kukosa jibu, kwa kuwa wapo wanaofungua LinkedIn mara moja kwa miezi miwili. Mtu wa namna hiyo usimfuate kwa barua pepe wala kwa WhatsApp ukimwuliza kama ameliona ombi lako. Liache, na likikaa miezi sita litajifuta lenyewe.

Kijana wa Siaya nilimkubali usiku uleule. Alikaa siku nne bila kusema neno, kisha akaniuliza kama kipimo tunakishusha karibu na wavu wa chini au tunapima juu tu. Nilimjibu kwamba tunapima kote kuwili, nikampigia picha daftari la wiki hiyo.