Usizibe tundu la nyuki wa mbao kabla ya kujua kama yumo

Nyumba aliyotuachia shangazi huku Bagamoyo ilikaa karibu mwaka mzima na chumba kimoja kimefungwa. Nilipokifungua nilikuta unga wa mbao sakafuni chini ya dirisha. Juu yake, kwenye fremu, palikuwa na tundu la duara linaloingia ncha ya kidole, safi kana kwamba limetobolewa kwa drili. Nikachukua puti nikaliziba saa sita mchana. Baada ya siku chache lilitokea tundu jipya, pembeni kidogo tu ya lile la kwanza.

Fundi seremala alipokuja aliniuliza, "Dada, umemfungia ndani, ulitaka atokee wapi?" Nyuki hawa wakubwa weusi hawali mbao. Jike hutoboa kama sentimita moja kwenda ndani, kisha hukata kona na kuchimba handaki kufuata nyuzi za mbao. Humo hupanga vyumba, kila kimoja na donge la chavua na yai, na kati yake kiambaza cha unga wa mbao. Ukiziba, mkubwa aliye ndani ana meno ya kutoboa njia nyingine, na fremu yako ndiyo inayoumia.

Sasa hufanya hivi. Jioni nasokota karatasi laini na kuiweka mdomoni mwa tundu bila kuishindilia. Ikisukumwa nje asubuhi, yumo. Ikibaki, bado sifurahi, kwa sababu watoto waliofungiwa vyumbani hawasukumi kitu. Dirishani kwangu niliiacha wiki nane. Katikati ilisukumwa mara mbili, nikairudisha. Ilipotulia, nilipitisha waya mwembamba kukwangua handaki, nikapigilia kijiti cha mbao chenye gundi, nikapiga msasa. Usiliache wazi tundu tupu, maana nyuki hupenda kurudia handaki la zamani na kulirefusha.

Kisha rangi ya mafuta, na hapa wengi hukosea: hupaka uso unaoonekana tu. Paka upande wa chini wa fremu na ncha za mbao pia. Mbao laini, kavu, isiyo na rangi ndiyo wanayoitafuta.

Sikuwapulizia dawa. Nina mpasheni uani, na maua yake makubwa huchavushwa vizuri na nyuki hawa. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Dume linalokuvumia usoni halina mwiba, na jike huuma tu ukimshika. Gogo kavu nimeliacha karibu na uchanja, wachimbe huko.

Nyigu wa tope ni rahisi zaidi kuwaondoa. Walikuwa wamejenga nyuma ya mlango na ndani ya tundu la kufuli, hata ufunguo haukuingia. Kila chumba chao kina buibui waliopooza, chakula cha mtoto. Hawalindi kiota, kwa hiyo nilikwangua kwa mwiko, nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Tope lenye matundu ya duara watoto wameshatoka. Lililozibwa laini bado wamo. Kwenye kufuli nimebandika kipande cha plasta.