Mkataba wa nyumba bila ardhi: kunyoosha aya za "kwa kuwa"

Mombasa mtu huweza kuuza nyumba yake asiuze hata futi moja ya ardhi iliyo chini yake. Nyumba ni ya mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Ukipita Kisauni, Majengo au Likoni utazikuta nyumba za namna hii mtaa mzima. Mkataba wa kuuza nyumba kama hiyo huharibika mapema sana, kabla ya kufika kifungu cha kwanza. Huharibikia pale juu, panapotajwa wahusika na panapofuata zile aya za "kwa kuwa" zinazoeleza mali ilitoka wapi na kwa nini watu wamekaa kuandikiana.

Chukua rasimu hii, ya mfano, lakini kila kosa lililomo ni la kila siku:

"KWA KUWA Muuzaji ni mmiliki halali wa nyumba ya vyumba sita iliyojengwa juu ya ardhi iliyoko Kisauni ambayo anaimiliki tangu mwaka 2009. NA KWA KUWA Muuzaji ameiuza nyumba hiyo kwa Mnunuzi kwa bei ya shilingi 1,800,000 na Mnunuzi atalipa kodi ya ardhi kila mwezi. NA KWA KUWA marehemu baba yao aliijenga nyumba hiyo na kuwaachia. NA KWA KUWA mwenye ardhi hana pingamizi."

Kwa haraka inasomeka vizuri. Sasa uliza: Muuzaji anamiliki nini tangu 2009? "Nyumba" na "ardhi" zote ziko katika ngeli moja, ya i-zi. "Ambayo" inakubaliana na zote mbili, na "anaimiliki" vilevile. Sarufi haina kosa, ndiyo maana jicho linapita bila kushtuka. Lakini sentensi ina maana mbili, na iliyo karibu zaidi na "ambayo" ni ardhi. Mnunuzi akija kudai kwamba aliuziwa nyumba pamoja na kiwanja, hii ndiyo aya atakayoishika.

Hatari yake huonekana zaidi mkataba ukifika kortini. Mahakama za chini Kenya husikiliza kesi kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mkataba wa Kiswahili utatafsiriwa, na mtafsiri hana njia ya kuiacha "ambayo" ielee. Itambidi aamue ni nyumba au ni ardhi. Jambo ambalo wahusika hawakulisema litaamuliwa na mtu ambaye hakuwepo.

Dawa ni nyepesi, na lugha yenyewe imetupa. Usiseme "ardhi", sema "kiwanja". Kiwanja kiko katika ngeli ya ki-vi, nyumba iko i-zi, na kuanzia hapo upatanisho unafanya kazi ya mlinzi: "ambacho" ni kiwanja, "ambayo" ni nyumba, "kinamilikiwa" na "inamilikiwa" haziwezi kukorogana. Neno "ardhi" libaki ndani ya "kodi ya ardhi" tu, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoiita. Hila hii haifanyi kazi kwa watu. Muuzaji, Mnunuzi na Mwenye Kiwanja wote ni a-wa, na "atamlipa kodi yake" haikwambii ni nani anayemlipa nani kodi ya nani. Hapo hakuna njia ya mkato, rudia jina. Mkataba si shairi, kurudia hakumchoshi mtu.

Tatizo la pili ni "kwa kuwa" yenyewe. Maneno haya hufungua sentensi ambayo haijakamilika. Ukimwambia mtu "kwa kuwa mvua inanyesha" ukanyamaza, atakungoja. Rasimu yetu ina "kwa kuwa" nne, kila moja imefungwa kwa nukta, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Una njia mbili. Unaweza kuunganisha aya zote kwa nukta mkato na kuzifunga kwa "hivyo basi, wahusika wanakubaliana kama ifuatavyo". Au ondoa "kwa kuwa" kabisa, uzipe aya herufi A, B, C, na kila aya iwe sentensi kamili inayojitegemea. Sisi tunapendelea ya pili. Sentensi moja yenye viungo sita huficha makosa, na aya yenye herufi yake unaweza kuitaja baadaye: "Nyumba iliyoelezwa katika aya ya B".

Tatu, nyakati. "Ameiuza" inasema uuzaji umekwisha, ilhali pesa hazijatoka na sahihi hazijawekwa. Aya za mwanzo hueleza yaliyopita na hali iliyopo sasa, kwa hiyo -li- na -me- ni zake, lakini kwa mambo yaliyokwisha kweli. Uuzaji wenyewe hapo ni nia: "wamekubali kumuuzia". Tena "ameiuza kwa Mnunuzi kwa bei" ina "kwa" mbili zenye kazi mbili tofauti. Kiswahili kina kauli ya kutendea kwa shughuli hiyohiyo: kumuuzia Mnunuzi.

Ukiona -ta- katika aya hizi, simama. "Mnunuzi atalipa kodi ya ardhi kila mwezi" si maelezo, ni wajibu, na mahali pake ni kwenye vifungu. Hili si suala la mpangilio tu. Kanuni ambayo mahakama zetu zimeirithi kutoka sheria ya Uingereza iliwekwa wazi katika kesi ya Ex parte Dawes ya mwaka 1886, na ina sehemu tatu. Aya za mwanzo zikiwa wazi na vifungu vikiwa na utata, aya hizo ndizo zitakazotumika kuvifasiri. Aya zikiwa na utata na vifungu viko wazi, vifungu vinashinda. Vyote vikiwa wazi lakini vinapingana, vifungu vinashinda pia. Kwa hiyo wajibu ulioachwa kwenye "kwa kuwa" umewekwa mahali dhaifu. Bei nayo iondoke huko juu. Ikiandikwa 1,800,000 kwenye aya na 1,750,000 kwenye kifungu, umejitengenezea mgogoro bure.

Namna ya kupima: funika aya zote kwa karatasi, usome vifungu peke yake. Kama kuna mtu ameacha kudaiwa jambo kwa sababu umefunika, jambo hilo lilikuwa limekaa pasipo pake.

Limebaki lile la mantiki, ambalo ndilo gumu. Muuzaji ni mmoja katika aya ya kwanza, halafu katika ya tatu "baba yao" na "kuwaachia". Yao nani? Ukifuatilia unagundua kuwa wauzaji ni ndugu watatu, na mwandishi aliandika "ambao kwa pamoja wataitwa Muuzaji" kwa mazoea. Matokeo yake ni "Muuzaji anauza" huku na "Muuzaji wamekubali" kule. Waite Wauzaji, upatanisho uwe wa- tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha 2009: ni mwaka baba alipofariki, au mwaka waliporithi? Si kitu kimoja. Chini ya Sheria ya Urithi, mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla ya mahakama kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Hapa mhariri hana ruhusa ya kubuni. Andika swali pembeni, "hati ya uthibitisho ni ya tarehe gani, kesi nambari ngapi?", umrudishie wakili au wahusika. Sarufi unaweza kuirekebisha wewe. Ukweli unaletwa na wao.

Na "mwenye ardhi hana pingamizi" ni kauli ya nani? Yeye si mhusika na hakutajwa popote kabla ya hapo. Desturi ni kupata ridhaa yake, mara nyingi kwa ada, na aya itaje barua, tarehe yake, na pale ilipoambatishwa.

Mpangilio ufuate umri wa mambo: kiwanja kilitangulia, ikaja nyumba, kikaja kifo na urithi, ikaja ridhaa, mwisho makubaliano. Mnyororo huo ukiwa sawa, tarehe zitapanda kutoka aya hadi aya. Ukikuta iliyoshuka, ama mpangilio una kosa ama tarehe. Hata tarehe ya mkataba wenyewe isitangulie ile ya barua inayotajwa ndani yake, kosa ambalo hutokea sana rasimu ya zamani inapotumiwa tena. Baada ya kusahihisha:

"A. Kiwanja nambari MN/I/…, kilichoko Kisauni, Kaunti ya Mombasa ('Kiwanja'), kimesajiliwa kwa jina la … ('Mwenye Kiwanja'), ambaye si mhusika wa mkataba huu.

B. Mwaka 1987, kwa idhini ya Mwenye Kiwanja, … ('Marehemu') alijenga juu ya Kiwanja nyumba moja ya vyumba sita ('Nyumba'), na akawa anamlipa Mwenye Kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi.

C. Marehemu alifariki tarehe 14 Machi 2009. Wauzaji ni warithi wa Marehemu, na hati ya usimamizi wa mirathi ilithibitishwa na mahakama tarehe … katika kesi nambari ….

D. Wauzaji wanaimiliki Nyumba kwa pamoja. Wauzaji hawakimiliki Kiwanja.

E. Kwa barua ya tarehe 2 Juni 2025, iliyo Kiambatisho 1, Mwenye Kiwanja ameridhia Wauzaji wamuuzie Mnunuzi Nyumba.

F. Wauzaji wamekubali kumuuzia Mnunuzi Nyumba, na Mnunuzi amekubali kuinunua, kwa masharti ya mkataba huu."

Angalia aya ya D. Sentensi yake ya pili ndiyo iliyokosekana katika rasimu ya kwanza, na ina maneno matatu tu. Lakini ni maelezo, kwa hiyo vifungu navyo viseme kwamba kinachouzwa ni Nyumba peke yake na kwamba kuanzia tarehe fulani Mnunuzi ndiye atakayelipa kodi ya ardhi.

Kule juu, kwenye majina ya wahusika, kosa moja linatosha kutajwa. Ni mabano yasiyo na kitenzi: "(ambao wataitwa Wauzaji, na ambalo jina hilo pamoja na wasimamizi wao wa mirathi)". Jina hilo linafanya nini? Liandike: "na jina hilo litajumuisha wasimamizi wao wa mirathi".

Mwisho pitia vifungu ukitafuta "nyumba hiyo", "jengo", "mali" na "ardhi hiyo". Ukishaita kitu Nyumba kwa herufi kubwa, kiite hivyo hadi kwenye sahihi. Palipobaki "mali", uliza ni Nyumba au ni Kiwanja, na usikubali jibu la "vyote viwili". Sahihi zenyewe, kwa kuwa mkataba unagusa haki katika ardhi, ziwe za wahusika wote, kila moja ikishuhudiwa na mtu aliyekuwepo ilipowekwa. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ndicho kinachotaka hivyo. Mwenye Kiwanja hahitaji kutia sahihi hapo. Sahihi yake iko kwenye barua, Kiambatisho 1, na ikiwa barua hiyo haijaambatishwa, aya ya E ifutwe mpaka ipatikane.