Mama mkwe anasema jina limemkataa mtoto

*Shangazi, mimi naitwa Zainabu, nipo Tandika. Binti yangu Salma ana wiki sita na kila jioni analia mpaka anakakamaa. Mama mkwe alikwenda kupigiwa hesabu Buguruni, akaambiwa mtoto ana nyota ya Nge, ambayo ni ya maji, na baba yake ni ya moto, ndiyo maana jina limemkataa. Anataka tulibadilishe. Mume wangu kanyamaza. Nifanyeje?*

Mwanangu Zainabu, chukua karatasi tuipige hesabu hiyo wenyewe, kwa sababu haina siri. Inaitwa abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, zinapanda hadi 10, kisha makumi, kisha mamia, mpaka ghaini ambayo ni 1000. Unajumlisha jina la mtoto na la mama yake, unatoa 12 tena na tena mpaka ibaki 12 au chini yake, na kinachobaki ndiyo nyota: 1 ni Kondoo, 5 ni Simba, 8 ni Nge, mpaka 12 ya Samaki.

Zainabu ni 7, 10, 50 na 2, jumla 69. Salma ukimwandika kwa sini, lamu, mimu na alifu mwishoni, unapata 60, 30, 40 na 1, yaani 131. Pamoja ni 200. Toa 192, inabaki 8. Ndipo alipotoka huyo Nge.

Lakini Salma kwa Kiarabu sanifu haliishii na alifu iliyosimama. Linaishia na umbo la ye isiyo na nukta, na wanaofuata maandishi huihesabu 10. Hapo jina ni 140, ukiongeza lako 209, ukitoa 204 inabaki 5. Simba! Na Simba ni nyota ya moto, sawa na baba yake. Mtoto yuleyule, jina lilelile, mkono wa mwandishi tu umebadilika.

Mkweo usimwone mbaya. Wanaoamini haya wanatafuta jina ambalo nyota yake inapatana na wazazi, ili mtoto atulie, afya ikae na riziki ifunguke. Anamhangaikia mjukuu. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu imani. Kaa naye mkekani, mwombe aliandike Salma kama alivyofundishwa chuoni, mjumlishe pamoja. Mumeo awepo, na aseme yeye kwa mama yake kwamba jina linabaki. Bibi akitaka kumwita mjukuu jina lake la mapenzi, amwite. Wengi wetu tuna jina la bibi.

Kilio cha jioni katika wiki ya sita ni kawaida kwa watoto wachanga, na hupungua kuanzia miezi mitatu au minne. Lakini akichemka kufikia nyuzi 38, akikataa ziwa au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.