Recommend: c moja, m mbili, na kwa nini

Wadogo zangu mnaoanza fildi mwezi huu, ripoti zenu zitapita mezani kwangu kabla hazijafika kwa msimamizi. Nimezisoma ripoti za wenzenu waliotangulia kwa miaka mingi, na ukiniuliza ni neno gani la Kiingereza linalowaangusha wengi zaidi, sitafikiri mara mbili. Ni lile linalobeba sura ya mwisho, sura ya mapendekezo: *recommend*, na ndugu yake *recommendation*. Linaandikwa kwa c moja na m mbili. Hilo mtu anaweza kukuambia leo na kesho ukawa umesahau ni ipi ilikuwa moja na ipi ilikuwa mbili, kwa hiyo nataka nikupe sababu yake, maana sababu haisahauliki kirahisi.

Makosa yenyewe ni matatu tu. Wapo wanaoandika *recomend*, wakaacha m moja. Wapo wanaoandika *reccommend*, wakarudufu kila kitu kwa usalama. Wengi zaidi, kwenye karatasi ninazosoma mimi, huandika *reccomend*: wanajua kuna herufi inayojirudia, ila wanairudufisha isiyo yake.

Wa kulaumiwa hapo ni sikio. Kiingereza kina mazoea ya kurudufu konsonanti baada ya irabu fupi, kama kwenye *letter*, *dinner* na *summer*. Sasa sema *recommend* kwa sauti. Unaanza na "rek", e fupi kabisa, na mkono ulioshazoea *letter* unataka kuweka c mbili hapo hapo. Kisha sauti inashuka katikati na kupanda tena mwishoni, re-ko-MEND, na ile m unaisikia mara moja tu, imehamia yote kwenye "mend". Kwa hiyo sikio linakupa *reccomend* lote zima, tayari kwa kuandikwa. Ndiyo maana nasema neno hili usiliandike kwa kulisikiliza. Liandike kwa kujua viungo vyake.

Na viungo si kitu kigeni kwako. Chukua neno *mmiliki*. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha kwamba linaandikwa kwa m mbili. Unajua tu kwamba m ya kwanza ni kiambishi cha mtu na m ya pili ni ya *miliki* yenyewe. Ukienda kwenye wingi, kiambishi kinabadilika kuwa *wa-* na m inabaki moja: *wamiliki*. Hukuhesabu herufi, uliunganisha vipande viwili, na vilipokutana m kwa m ukaziandika zote mbili kwa sababu kila moja ina mwenyewe.

*Recommend* limejengwa vivyo hivyo, ila mafundi wake walikuwa Warumi. Kilatini kilikuwa na kitenzi *mandare*, kukabidhi, kuweka jambo mikononi mwa mtu. Kikaongezewa mbele kiambishi *com-*, irabu a ikageuka e, likapatikana *commendare*. Angalia mshono: *com-* inaishia kwa m, na mzizi unaanza kwa m. Kila m ina mwenyewe, kama kwenye *mmiliki*. Baadaye likatiwa tena *re-* mbele, na humo ndimo *recommend* lilimotoka. Hata leo Kiingereza kinalo *commend* peke yake, kwa maana ya kusifu, na ukiliona hilo ndani ya *recommend* umeshamaliza nusu ya kazi.

Ukitaka kuhakikisha kwamba si hadithi tu, mwangalie *demand*. Limetoka kwenye mzizi huo huo wa *mandare*, lakini mbele limepewa *de-*, ambayo haina m ya kuchangia. Kwa hiyo m ni moja. *Commend* na *demand* ni kama *mmiliki* na *wamiliki*: mzizi haukubadilika, kilichobadilika ni kilichowekwa mbele yake. Na ukienda upande wa pili, *com-* ikikutana na mzizi usioanza kwa m, m hubaki moja vilevile. *Comfort* ni *com* na *fort*, *compare* ni *com* na *pare*. Lakini *comment*, *command*, *commit*, *commission* na *committee* zote zina m mbili, kwa sababu upande wa pili wa mshono kuna m nyingine inasubiri. Ile kamati yetu tuliyoizoea kwa m moja ni *committee* iliyovuliwa nguo za Kiingereza na kuvishwa za Kiswahili. Tofauti moja ukae nayo: kwenye *mmiliki* ile m ya kwanza unaisikia, ni silabi kamili. Kwenye *recommend* Waingereza wameziunganisha midomoni, kwa hiyo jicho ndilo litakalokusaidia.

Sasa c. Hapa swali ni moja tu: c ya pili ingetoka wapi? *Re-* ina r na e, basi. Haina c. C iliyopo ni ile ya *com-*, na ni moja. Ulinganishe na *accommodate*, neno ambalo nadhani ndilo lililowachanganya wengi, kwa kuwa lina c mbili na m mbili na watu wanaliweka kapu moja na *recommend*. Kule mbele kuna kiambishi cha Kilatini *ad-*, ambacho kikikutana na c hugeuka na kuwa *ac-*. Kwa hiyo c ya kwanza ni ya *ac-*, ya pili ni ya *com-*. Kiambishi kile kilikuja na c yake, hiki chetu kimekuja mikono mitupu.

Hayo ndiyo maelezo. Lakini mtihani unapokuwa mbele yako, au msimamizi amesimama nyuma ya kiti, hutakumbuka Warumi. Kwa wakati huo tumia hesabu hii niliyowafundisha wanafunzi wengi hapa ofisini: mbili, tatu, nne. *Re* ni herufi mbili, *com* ni tatu, *mend* ni nne. Iandike kwa penseli pembeni ya karatasi namna hii:

```
re | com | mend
 2 |  3  |  4
```

Kipande cha katikati unakijua kwa macho, ni ile com unayoandika kila siku mwishoni mwa anwani za tovuti, na hujawahi kuiandika *ccom*. Cha mwisho ni neno la Kiingereza linalojitegemea, *mend*, kurekebisha. Kiasili *mend* hilo halina undugu na *mandare*, ni msumari tu wa kutundikia kumbukumbu, na msumari huo unashika.

Angalizo moja hapa. Msihesabu jumla ya herufi mkadhani mmejikinga. *Recommend* ina herufi tisa, sawa, lakini *reccomend* nayo ina tisa. *Recomend* ina nane na *reccommend* ina kumi, hayo mawili hesabu ya jumla ingeyakamata, ila lile kosa la kawaida kuliko yote lingepita. Kinachokulinda ni mgawanyo. Jaribu kuigawa *reccomend* kwa mbili, tatu, nne: unapata *re*, *cco*, *mend*. Hiyo *cco* ukiiona tu unajua mambo yameharibika.

Maneno yanayozaliwa na *recommend* hayakusumbui tena, kwa kuwa mkia unaongezwa na shina haliguswi: *recommended*, *recommending*, *recommendation*.

Niwaambie sasa kosa hili linakojificha, maana nililipa kwa aibu kujifunza hili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichapa ripoti ya ukaguzi, nikaipitia, nikaona hakuna hata mstari mmoja mwekundu chini ya neno, nikaitoa nakala na kuzifunga. Mkuu wangu alifungua ukurasa wa yaliyomo, akaweka kidole kwenye kichwa cha sura ya tano, akanirudishia bila kusema neno. Kilikuwa kimeandikwa hivi:

```
5.0 CONCLUSION AND RECCOMENDATIONS
```

Nilijiuliza kwa nini kompyuta ilinyamaza. Sababu ni kwamba Word, usipoibadilisha mpangilio wake, huyaruka maneno yote yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, ikidhani ni vifupisho. Na vichwa vya sura tunaviandika kwa herufi kubwa. Kwa hiyo mahali ambapo neno hili linaonekana zaidi kuliko kwingine ndipo pasipokaguliwa. Ukurasa wa yaliyomo ukitengenezwa na programu yenyewe hunakili kichwa kama kilivyo, kosa linakuwa mara mbili, na la kwanza kati ya hayo liko mbele kabisa, msomaji analiona kabla hajasoma sentensi yako hata moja.

Kurekebisha si kazi. Fungua `File`, kisha `Options`, kisha `Proofing`, uondoe tiki kwenye `Ignore words in UPPERCASE`. Hapo mistari myekundu itatokea hata chini ya vichwa. Itatokea pia chini ya vifupisho vyenu vyote, hilo mvumilie. Ukishasahihisha kichwa, usisahau kuuhuisha na ukurasa wa yaliyomo, maana wenyewe haujirekebishi: bofya ndani yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua `Update Field`, kisha `Update entire table`.

Kama unatumia kompyuta ya mtu na hutaki kugusa mipangilio yake, bonyeza `Ctrl+F` utafute mara mbili. Kwanza tafuta `recc`. Itakukamatia *reccomend* na *reccommend* pamoja, na kwenye ripoti ya fildi sijawahi kukutana na neno halali lenye herufi hizo nne zikifuatana hivyo. Kisha tafuta `recome`. Hiyo inakamata *recomend*, kwa kuwa kwenye neno sahihi baada ya *recom* inafuata m nyingine, si e. Utafutaji huo haujali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo vichwa vya sura vinaingia humo humo. Mimi huufanya kwa kila ripoti kabla sijaanza kuisoma, na hauchukui hata dakika.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, waliotoka Kongo au Burundi. Ninyi c na m mnazipatia bila shida, kwa sababu *recommander* ya Kifaransa nayo ina c moja na m mbili. Kosa lenu liko mbele kidogo. Kifaransa kiliibakiza ile a ya *mandare*, Kiingereza kina e. Kwa hiyo mnaniletea *recommandation* kwenye ripoti ya Kiingereza, na jicho langu, likiwa linawinda c na m, mara mbili limeipitisha. Nanyi tumieni kipande kile cha nne: *mend*, siyo *mand*.