Wanaotambua kabla ya hakimu

*Mwalimu, shikamoo. Kwenye redio nasikia "gwaride la utambulisho". Mwanangu kaandika skuli "gwaride la utambuzi", akatiwa kosa. Nani mwenye haki? – Msomaji, Wete, Pemba*

Marahaba. Mwanao ana haki, na mwalimu wake amrudishie alama yake. Kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa wenziwe, kama afanyavyo mshenga anapoingia na wageni wake. Kwenye gwaride la polisi, mtuhumiwa anapopangwa na wengine ili shahidi amchague, hakuna wa kumjulisha mwenziwe. Askari wote wanatakiwa wafunge midomo, na shahidi atambue mwenyewe. Hiyo *l* ya "tambulisha" ni ile ya zamani inayorudi katika mnyambuliko, kama ya "chukua" na "chukulia". Basi. Wasemao "utambulisho" nimeshawazoea, sigombani nao tena.

Nisiowavumilia ni waandishi wa magazeti wanaoweka kichwa cha habari "Shahidi amtambua mwizi wake", na kesi ndiyo kwanza inaanza. "Tambua" ni kitenzi kinachobeba ukweli ndani yake. Huwezi kusema "nilimtambua Ali, kumbe siye", utasema "nilimdhania". Kwa hiyo aliyeandika kichwa hicho keshahukumu, na hakimu bado anatafuta miwani yake.

Hebu tuibuni kesi moja. Bibi mwenye duka Wete yuko peke yake saa mbili usiku, umeme umekatika, simu yake kailaza mezani ikiwa imewashwa tochi. Anaingia kijana asiyemjua, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, panga mkononi. Anakomba pesa na kutoka. Baadaye polisi wanamkamata mtu, na bibi anaapa mahakamani: "Nilimwona vizuri, mwanga ulikuwepo."

Mwanga wa nini? Mahakama haitosheki na neno hilo. Itataka kujua chanzo chake, ukali wake na ulikoelekea, maana tochi iliyolazwa mezani humulika dari zaidi kuliko uso. Itauliza umbali uliokuwepo kati yao, muda aliomwangalia, na kama alipata kumwona kabla ya usiku ule. Mimi ningeongeza: macho yalikuwa usoni au kwenye panga? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufaa za jinai za Mahakama Kuu ya Zanzibar huishia kwake, ilisema katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu kuliko mwingine, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea mtu uwe umeondoka.

Angalia, hakuna aliyemwita bibi mwongo. Hapo ndipo waandishi wetu wanapoteleza: wanadhani mkweli hakosei. Bibi anaweza kuapa kwa moyo safi, asitetereke akihojiwa, na kijana akawa siye. Wala tatizo si kuwa kwake peke yake. Wengi barazani husema shahidi mmoja hafungi mtu. Katika mahakama hizi sheria haikuweka idadi. Mmoja akiaminika anatosha. Ila mmoja huyo akiwa ameona mgeni, gizani, kwa muda mfupi, hakimu lazima ajionye kabla ya kumfuata.

Kinachoweza kumsaidia bibi ni alichowaambia polisi mwanzo, kabla mtu hajakamatwa. Akiwa alisema "kijana mrefu, mweusi", kataja nusu ya vijana wa Wete. Akiwa alitaja kovu chini ya jicho la kushoto, na aliyekamatwa analo, hapo pana uzito. Kovu hilohilo akilitaja baada ya kumwona kituoni, halina faida.

Kisha ndiyo gwaride. Tangu kesi ya Mwango ya mwaka 1936, katika mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, mtuhumiwa hupangwa na watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura. Ukimpanga kijana katikati ya wazee, hujafanya gwaride. Na kama bibi alishampita mtuhumiwa uani kwa polisi, mtuhumiwa akiwa na pingu, siku ya gwaride atamchagua aliyemwona uani, na huenda mwenyewe asijue.

Mwandishi wetu sasa yuko mahakamani. Bibi anaulizwa mwizi yuko wapi, ananyoosha kidole kizimbani, na kalamu inakimbilia "amtambua". Kizimbani mna mtu mmoja! Hata mimi niliyekuwa nyumbani nakula chakula cha usiku ningemnyooshea huyohuyo. Ndiyo maana kidole cha aina hiyo, bila gwaride lililotangulia, mahakama hukipa thamani ndogo mno.

Niliwahi kumwambia mhariri mmoja aandike "adai kumtambua". Akanijibu kichwa cha habari hakina nafasi. "Adai" ni herufi nne.