Maswali na Majibu: Rimoti ya Geti Ndani ya Vitufe vya Gari

Gari langu lina vitufe vitatu vya HomeLink kwenye kioo cha ndani, vinavyoweza kufundishwa kufanya kazi ya rimoti ya geti. Nimeshikilia kimoja pamoja na rimoti mpaka taa ikameta haraka, lakini geti letu la Njiro halifunguki. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umefika katikati ya kazi. Baada ya kufundisha kitufe, kibonyeze tena uitazame taa: ikiwaka mfululizo, rimoti yako hutuma namba ileile siku zote na kazi imekwisha, ikimeta haraka kwa sekunde mbili hivi kisha ikabaki inawaka, namba hubadilika kila unapobonyeza. Katika hali hii ya pili gari limejifunza namna ya kuzungumza na mota ya geti, ila mota bado inaliona kama rimoti ngeni ambayo haijaandikishwa.

Kwa hiyo fungua kifuniko cha mota na utafute kitufe chenye maandishi LEARN, kibonyeze mara moja na kukiachia, kisha rudi garini, ushikilie kitufe ulichokifundisha kwa sekunde mbili, uachie, na urudie hadi mara tatu. Mota nyingi hukupa sekunde 30 tu. Mimi nilipofanya kazi hii peke yangu Moshi, gari likiwa nje ya geti lililofungwa, nilichelewa mara mbili nikipita mlango mdogo. Mara ya tatu kijana wa jirani alibonyeza kule ndani huku mimi nimekaa kwenye usukani, na geti likatii. Usikishikilie LEARN kwa muda mrefu, kwani katika mota nyingi kufanya hivyo hufuta rimoti zote za nyumba. Chini ya kifuniko hicho huenda pia kuna umeme wa volti 230, hivyo asiyezoea amwite fundi.

Fundi alininakilia rimoti kibandani kwake. Ilifungua geti mara moja tu, kisha ikagoma. Je, betri ni mbovu?

Betri haihusiki; rimoti yako ni ya namba zinazobadilika. Kibandani, mbali na geti, rimoti yako ilitoa namba moja ambayo mota haikuisikia, na nakala ikaihifadhi namba hiyohiyo. Ulipofika nyumbani namba hiyo ilikuwa bado haijatumika, ndiyo maana geti lilifunguka. Tangu hapo mota huihesabu kuwa imekwisha kazi. Nunua rimoti inayolingana na mota yako, uiandikishe kwa LEARN.

Mtoto amechezea rimoti safari nzima kutoka Arusha hadi Moshi, na sasa geti haliitikii. Niiandikishe upya?

Kwanza simama karibu na geti, ubonyeze mara mbili mfululizo. Kila mtoto alipobonyeza njiani, namba ya rimoti ilisonga mbele bila mota kuisikia. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, mota hukubali papo hapo rimoti iliyotangulia kwa namba zisizozidi 16. Ikitangulia zaidi ya hapo, husubiri namba mbili zinazofuatana ndipo ijipange nayo upya.