Kuzima king'ora cha tahadhari za serikali kwenye simu ukiwa Marekani: kipi uzime, kipi uache

*"Wakuu, niko Houston, nafanya zamu ya usiku, nalala mchana. Simu inapiga king'ora hata nikiweka Do Not Disturb: leo mtoto katekwa, kesho mafuriko, keshokutwa majaribio. Nazimaje hizi kitu, na zipi nisiziguse?"*

Mkuu, kwa Houston na kwa mtu wa zamu yako: zima AMBER Alerts, yaani zile za mtoto aliyetekwa, pamoja na majaribio; acha Extreme na Severe, madaraja mawili ya onyo la hatari kwa maisha, zote mbili. Public Safety ina maelezo yake, nitaifikia.

Do Not Disturb haisaidii kwa sababu huu si ujumbe wa kawaida wa simu. Mnara unautangaza mara moja kwa kila simu iliyo chini yake, mithili ya redio, bila kujua namba ya mtu. Mfumo unaitwa WEA, ulianza 2012, na sauti yake iliwekwa makusudi ipite juu ya ukimya wa simu. Ukiweka Airplane Mode king'ora hakitakufikia, lakini hutapata pia simu ya kazini, ya nyumbani, wala onyo la kimbunga. Usilale hivyo.

Kwenye Pixel na Samsung za sasa fungua Settings, kisha Safety and emergency, kisha Wireless emergency alerts. Samsung za zamani zimeuficha ukurasa huu ndani ya Messages: bonyeza nukta tatu, Settings, halafu utafute Emergency alerts. Ukikosa kote, andika neno "emergency alerts" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Settings. Swichi ya juu kabisa, Allow alerts, usiiguse, maana hiyo inabeba zote. Shuka chini uzime AMBER alerts, na kama kuna State and local tests hakikisha imezimwa.

Hapo hapo tafuta Alert reminder. Wengi wanaodhani wanatumiwa tahadhari ileile mara tano wanakumbushwa tu na simu yao wenyewe, kila dakika 2 au kila dakika 15, mpaka waifungue. Weka Never. Mlio wa kwanza utabaki, marudio yatakoma.

Kwenye iPhone nenda Settings, Notifications, shuka mpaka mwisho kabisa kwenye Government Alerts. Zima AMBER Alerts na Test Alerts. Tatizo la iPhone ni kwamba Extreme na Severe zimefungwa pamoja ndani ya Emergency Alerts, kwa hiyo huwezi kuzitenganisha. Ukigusa jina hilo, kwenye matoleo mengi utakuta Always Play Sound. Ukiizima, tahadhari zitafuata ukimya wa simu: zitaonekana kwenye skrini bila kukuamsha. Kwa mtu aliye macho, sawa. Kwa aliyelala, ni karibu sawa na kuzima kabisa.

Kuna moja ambayo hakuna simu ya Marekani itakayokuruhusu kuizima, nayo ni National Alert. Ndiyo iliyolia nchi nzima kwa majaribio tarehe 4 Oktoba 2023. Hiyo iache ilivyo.

Sasa kwa nini nasema Severe ibaki. Kwenye Android watu huiona iko chini ya Extreme, wakadhani ni mambo madogo madogo, wakaizima. Onyo la tornado huja kama Extreme, lakini onyo la mafuriko ya ghafla kwa kawaida huja kama Severe, na kinachoua watu wa Houston mara nyingi zaidi ni maji. (Ukizima Extreme yenyewe, Android nyingi huzima na Severe papo hapo.)

Tena zimeshachujwa kabla hazijakufikia. Tangu 2020 idara ya hali ya hewa, NWS, hailizi simu kwa kila onyo la mafuriko ya ghafla. Inaliza kwa yale tu yaliyowekwa alama ya "considerable" au "catastrophic". Maonyo ya dhoruba za radi nayo, tangu 2021, yanalia tu pale upepo unapotarajiwa kufika maili 80 kwa saa, yaani karibu kilomita 130, au mvua ya mawe yenye upana wa inchi 2.75. Zile "watch" za kusema hali inaweza kuchafuka hazipigi king'ora kabisa. Kwa hiyo simu ikilia kwa ajili ya maji, mtaalamu wa NWS ameshaamua kwamba hali ni mbaya.

Chukua tukio la Kerr County, hukuhuku Texas, usiku wa kuamkia 4 Julai 2025. Saa 7:14 usiku NWS ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla lenye alama ya "considerable", na hilo likapelekwa kwenye simu. Onyo la daraja la juu kabisa, Flash Flood Emergency, lilifuata saa 10:03 alfajiri. Mto Guadalupe ulipanda kwa kasi ya kutisha na zaidi ya watu 100 walikufa katika mafuriko yale. Hesabu tofauti ya muda kati ya maonyo hayo mawili: ni karibu saa tatu. Anayengoja lile kubwa peke yake, saa hizo tatu hana.

Houston ina sababu nyingine: viwanda vya mafuta na kemikali kando ya Ship Channel, mfereji wa meli wa Houston. Kukitokea moto au gesi ikivuja, mamlaka za mji au kaunti zinaweza kutumia njia hiyohiyo kukuambia ujifungie ndani, ufunge madirisha na kuzima kiyoyozi. Kwa hilo huwezi kutegemea kuangalia mawingu.

AMBER ni ya mtoto aliyetekwa. Ina maana kwa aliye barabarani anayeweza kuona namba ya gari, lakini mtu aliyelala amefunga mapazia hawezi kumsaidia mtoto yule. Izime bila kujilaumu. Tangazo utalikuta kwenye habari ukiamka. Public Safety hubeba mambo kama kuchemsha maji ya bomba au kituo cha kukimbilia kilipo. Maoni yangu: iwashe msimu wa vimbunga, 1 Juni hadi 30 Novemba, miezi mingine amua mwenyewe.

Kama kero yako ni tahadhari za mitaa ya mbali, angalia kwanza Location ya simu. Onyo linachorwa kama eneo kwenye ramani, na simu mpya hulinganisha mchoro huo na mahali ilipo kabla ya kulia. Location ikiwa imezimwa, simu haina cha kulinganisha, hivyo inalia kwa chochote mnara unachotangaza. Watu wengi wanazima Location ili kutunza betri, kisha wanalalamika kuhusu makelele ya kaunti ya jirani.

Ukishindwa kabisa kuvumilia simu, nunua redio ya hali ya hewa ya NOAA yenye S.A.M.E., ndipo uinyamazishe simu. Inakaa kimya mpaka onyo la kaunti yako litoke. Ingiza namba 048201 ya Harris County, chagua masafa yanayosikika safi kati ya yale saba, 162.400 hadi 162.550 MHz, na uweke betri ndani, kwa sababu umeme wa Houston hukatika dhoruba zinapopiga. Modeli nyingi zinakuruhusu kuzima aina ya onyo moja moja. Acha tornado na mafuriko ya ghafla. Redio hiyo haitakuambia habari za AMBER ukiizimia humo, ila simu ya mkeo au ya watoto iliyo chumba cha pili bado italia, kwa hiyo pitia na hizo.